Diploma ya saa kumi na mbili: cheti cha mtandaoni kina uzito gani kwa mwajiri?

Mpwa wangu alifika nyumbani Mwanga, hapa Kigoma, Jumapili moja jioni akiwa na faili la plastiki kwapani. Baada ya shikamoo na glasi ya maji akalifungua mezani. Mlikuwa na vyeti kumi na kimoja, vyote vimechapishwa kwa rangi na kupigwa leminesheni. Cha juu kabisa kilikuwa na ukingo wa dhahabu, muhuri mwekundu na maneno "Diploma in Project Management".

"Mjomba, hiki kimetoka Uingereza," akasema. "Wameandika kinatambulika nchi 190."

Alikuwa anaomba kazi mbili kwa mpigo. Moja ya serikali, kupitia Ajira Portal. Nyingine ya shirika linalofanya kazi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, waliokuwa wanatafuta karani wa takwimu. Alitaka kujua aambatanishe vyeti vyote au achague. Mimi nimewahi kukaa kwenye kamati za kuchuja maombi ya kazi za mashirika hapa mkoani, kwa hiyo aliamini nitamjibu kwa sentensi moja. Haikuwezekana, kwa sababu karatasi ileile hupimwa kwa mizani mbili tofauti ikifika kwenye milango hiyo miwili.

Tuanze na mlango wa serikali, maana huo ndio rahisi kuuelezea. Mwajiri wa umma haangalii kwanza unajua nini. Anaangalia sifa iliyoandikwa kwenye muundo wa utumishi wa kada husika, kisha anauliza kama cheti ulichonacho ndicho hicho kilichotajwa. Chukua mfano wa tangazo la Mwandishi Mwendesha Ofisi. Huwa linataka stashahada ya uhazili au NTA ngazi ya 6, kufaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika, na mafunzo ya programu za kompyuta za ofisi kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali. Maneno hayo manne ya mwisho ndiyo yanayoamua. Chuo cha ufundi kinachotambuliwa kimo kwenye orodha ya NACTVET, chuo kikuu kimo kwenye orodha ya TCU. Jukwaa la mtandaoni lenye ofisi zake California au Ireland halimo, hata kama mwalimu wake wa Excel ni bora kuliko wote waliowahi kukufundisha.

Ukali huo una historia yake. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ulipokamilika, majina 9,932 yalitajwa kuwa na vyeti vya kughushi na watu wakaondolewa kazini. Tangu hapo hakuna ofisa anayetaka kuonekana amepitisha karatasi isiyo na mwenyewe. Ndiyo maana matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hukataa hata hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita, yaani karatasi zilizotoka shule halali kabisa, na kutaka cheti chenyewe. Aliyesoma nje ya nchi huambiwa apitie kwanza TCU, NECTA au NACTVET vyeti vyake vihakikiwe. Sasa fikiria kozi ya wikiendi mbili inasimama wapi hapo. Haikuharibii maombi, unaweza kuiweka kwenye wasifu wako katika sehemu ya mafunzo na warsha. Lakini haizibi pengo la sifa hata moja.

Mlango wa shirika ni mwingine. Tangazo la karani wa takwimu huandikwa kwa maneno mapana: "awe na ujuzi wa Excel, awe amewahi kukusanya taarifa kwa simu au tableti." Halisemi ujuzi huo uupate wapi. Kamati ina uhuru, na pia ina haraka, kwa kuwa maombi ni mengi na kila moja linapata dakika mbili au tatu za macho ya mtu. Hapo cheti cha mtandaoni kina kazi, ila ni kazi ndogo kuliko wengi wanavyodhani: kinampa msomaji sababu ya kuamini kwamba mstari uliouandika kwenye wasifu haukutoka hewani. Kinakusogeza kwenye orodha ya wanaoitwa. Ukishaitwa kinawekwa pembeni, unapewa kompyuta yenye jedwali la kaya mia mbili na unaambiwa utafute waliojirudia.

Kipo cheti kimoja cha kumaliza kozi ambacho kwa kazi za aina hiyo ni zaidi ya mapambo, nacho ni BSAFE, mafunzo ya usalama ya Umoja wa Mataifa. Hutolewa bure mtandaoni, na ni ya lazima kwa watu wote wanaofanya kazi chini ya Umoja wa Mataifa. Hapo cheti chenyewe ndicho sharti. Tofauti yake na vile kumi na kimoja vya mpwa wangu ni kwamba mwajiri ndiye aliyetunga kozi, anajua kilichomo, na anakihitaji kabla hujasafiri kikazi. Ajabu ni kwamba kwenye faili lile BSAFE haikuwepo, wakati "Diploma" ilikuwepo.

Kabla hatujaifikia hiyo Diploma, kuna tofauti moja ambayo watu huichanganya kila siku. Cheti cha kumaliza kozi kinasema ulifika mwisho: video zimechezwa, maswali ya kuchagua yamejibiwa, na ukikosea ulirudia mpaka ukapata. Cheti cha mtihani kinasema umekaa mbele ya msimamizi, kitambulisho kikakaguliwa, saa ikahesabiwa, na ungeweza kufeli. Mtu mwenye CCNA ya mitandao ya kompyuta alifanya mtihani uliosimamiwa. Mtu aliyemaliza kozi ya kujiandaa na CCNA ana cheti kinachofanana kwa mbali, lakini hakuna aliyemsimamia. Mwajiri anayejua kazi yake huuliza swali moja tu: je, kuna aliyewahi kufeli hii?

Kitu kingine kinachosomwa haraka kuliko jina la kozi ni tarehe. Nilivipanga vile vyeti mezani kwa tarehe. Saba vilikuwa vya siku mbili mfululizo, na vitatu kati ya hivyo vimeandikwa saa 40 kila kimoja. Nikamuonyesha. Akacheka kwa aibu, akakiri kuwa alikuwa anabofya majibu tu, umeme ulikuwepo na bando la usiku lilikuwa rahisi. Sikumlaumu sana. Lakini ofisa mwajiri naye anajua kuhesabu, na vyeti saba vya namna hiyo vinatia shaka hata kile cha nane ambacho alikisomea kwelikweli.

Sasa Diploma. Tulikaa nayo jioni nzima, simu yake na kompyuta yangu, tukipitia dai moja baada ya jingine kwenye ukurasa wa mbele wa jukwaa lile. Silitaji jina, kwa sababu yapo mengi ya aina yake na yanatumia madai yaleyale. Na hapa ndipo penye fundisho: karibu kila dai lilikuwa la kweli. Ukilikagua unalikuta. Shida ni kwamba halikuwa na maana anayodhani mtu wa Kigoma anapolisoma.

Dai la kwanza lilikuwa namba ya usajili wa kampuni Uingereza. Msajili wa makampuni wa Uingereza, Companies House, ana rejista ya wazi ambayo mtu yeyote hutafuta bure kwa jina au namba. Kampuni tuliikuta, hai, ikiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kidogo. Lakini usajili wa kampuni unathibitisha kwamba kampuni ipo, basi. Duka la dagaa pale Kibirizi nalo linaweza kusajiliwa BRELA, na hakuna atakayesema BRELA imethibitisha ladha ya dagaa.

Dai la pili lilikuwa namba ya tarakimu nane iliyoitwa UKPRN, na pembeni yake nembo na maneno "government registered". Hii inawapoteza wengi. Ni namba ya rejista ya watoa mafunzo wa Uingereza, na inachothibitisha ni kwamba mtoa mafunzo huyo yupo kisheria na anwani yake inajulikana. Hakuna aliyekwenda kukagua masomo. Serikali imemwandika kwenye daftari, haijampa alama.

La tatu lilikuwa "ISO 9001 certified". Shirika la ISO lenyewe halitoi vyeti kwa kampuni. Linaandika viwango, na makampuni mengine ya ukaguzi ndiyo yanayotoa vyeti kwa kuvifuata. Isitoshe, ISO 9001 ni kiwango cha namna ofisi inavyoendesha shughuli zake: kumbukumbu zinatunzwa, malalamiko yanashughulikiwa, makosa yanarekebishwa. Kiwanda cha misumari kinaweza kuwa nayo. Haisemi chochote kuhusu kama mwanafunzi alijifunza kusimamia mradi.

La nne ndilo lenye utelezi zaidi: "CPD accredited". Herufi hizo zinasimamia mafunzo ya kuendeleza taaluma, yaani saa ambazo mhandisi au muuguzi ambaye tayari ana sifa zake huzikusanya kila mwaka ili asipitwe na wakati. Uingereza kuna mashirika kadhaa binafsi yanayopitia kozi kwa malipo na kuzipa nembo ya CPD. Nembo hiyo inahusu maudhui ya kozi. Haimpimi mwanafunzi, na haigeuzi kozi kuwa shahada wala stashahada. Nikamwambia mpwa wangu tusiishie kwenye nembo, tuingie tovuti ya hilo shirika lenyewe na kutafuta jina la jukwaa. Tukalikuta. Lakini kozi iliyoorodheshwa chini yake ilikuwa moja tu, ya usalama kazini. Diploma yake haikuwemo. Nembo imepewa kozi moja, ikabandikwa juu ya mia mbili.

Likabaki neno "Level 4" lililoandikwa chini ya jina la kozi. Hili ndilo lililomaliza ubishi. Kule Uingereza, sifa yenye ngazi inayosimamiwa kisheria ina namba yake kwenye rejista ya Ofqual, msimamizi wa mitihani na sifa, na rejista hiyo iko wazi mtandaoni. Namba hukaa kwa muundo wa tarakimu tatu, mkwaju, tarakimu nne, mkwaju, kisha alama moja ya mwisho. Kwenye cheti cha mpwa wangu hapakuwa na namba ya namna hiyo, na kwenye rejista jina la jukwaa halikuonekana kama mtoaji wa sifa. Basi hiyo "Level 4" waliiandika wenyewe, kama mtu anavyoweza kuandika "daraja la kwanza" kwenye mlango wa nyumba yake ya wageni. Kwa chuo cha Marekani ungefanya hivyohivyo kwenye rejista nyingine, ile ya Wizara ya Elimu ya huko inayoitwa DAPIP. Kwa chuo cha hapa, ni tovuti za TCU na NACTVET.

Kwa hiyo hatukulikuta dai la uongo wa wazi hata moja, isipokuwa pengine hilo la nchi 190, ambalo halina rejista ya kulipima. Nchi haitambui cheti kwa ujumla wake. Anayekitambua ni chombo fulani, kwa ajili ya kazi au masomo fulani. Dai lisilotaja chombo halikaguliki, na dai lisilokagulika mimi nalihesabu sifuri.

Ukitaka kipimo cha haraka zaidi kuliko rejista zote hizo, tumia saa. Katika vyuo vikuu vyetu, kwa mfumo wa TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa, na mwaka mmoja wa masomo una krediti 120. Hizo ni saa 1,200. Diploma ya mpwa wangu ilikuwa na saa 12 kwa maelezo ya jukwaa lenyewe. Hata ukiwa mkarimu, hiyo ni krediti moja na kidogo. Neno "Diploma" halina mwenyewe mtandaoni. Kila jukwaa hulitumia litakavyo. Saa haziwezi kufichwa, maana huandikwa kwenye ukurasa wa kozi.

Tukageukia vyeti vingine, na humo mlikuwa na kimoja kizuri: kozi ya Excel ya wiki kadhaa kwenye Coursera, imetolewa na chuo kikuu, kwa tarehe yake ya pekee. Chini yake kulikuwa na linki ya namna hii:

```
https://www.coursera.org/verify/ABCD1234EFGH
```

Linki kama hiyo ndiyo inayokipa cheti uzito wowote kinachoweza kuwa nao, kwa sababu mwajiri hahitaji kukuamini wewe wala kichapishi cha stesheneri. Anafungua na kuona jina, kozi, taasisi na tarehe kwenye tovuti ya mtoaji. Ila nayo ina namna ya kusomwa. Iandike mwenyewe kwenye kivinjari badala ya kupiga picha msimbo wa QR ulio kwenye karatasi, kwa kuwa anayeghushi cheti hatashindwa kughushi na QR inayokupeleka kwenye ukurasa wake mwenyewe. Kisha soma jina la tovuti kwa kurudi nyuma, kuanzia kwenye mkwaju wa kwanza baada ya jina. Hii hapa chini si Coursera, ingawa inaanza kwa kulitaja:

```
coursera.org.thibitisha-cheti.com/verify/ABCD1234EFGH
```

Mwenye tovuti hiyo ni yeyote aliyelipia `thibitisha-cheti.com`. Yaliyotangulia ni mapambo.

Jaribio ninalolipenda zaidi halichukui hata dakika. Fungua ukurasa wa kuthibitishia vyeti wa jukwaa, weka namba ya cheti halisi, kisha badilisha herufi moja na ujaribu tena. Ukurasa wa kweli utasema cheti hicho hakipo. Tulifanya hivyo kwa Coursera, ikakataa. Tulifanya hivyo kwa jukwaa la Diploma, likatuletea tiki ya kijani na neno "Valid", bila jina, bila kozi. Tukaweka namba ya simu ya mpwa wangu. "Valid." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe hata mama angeweza kuhitimu."

Aliwalipa dola 30. Kozi yenyewe ilitangazwa kuwa ya bure, na kwa maana fulani ilikuwa ya bure: kusoma hulipi, unalipia cheti mwishoni, ukiwa umeshatumia bando na usingizi. Si kosa kulipisha cheti. Majukwaa yenye heshima pia hufanya hivyo. Kosa ni kuificha bei mpaka ukurasa wa mwisho. Kabla ya kuanza somo la kwanza, fungua ukurasa wa maswali na ule wa masharti, tafuta neno "certificate", usome bei na usome kama wanasema wao si taasisi iliyoidhinishwa. Udemy, kwa mfano, husema hivyo wazi kwamba vyeti vyake si vya taasisi ya elimu iliyoidhinishwa. Jukwaa linalokiri mipaka yake naliamini zaidi kuliko lenye nembo kumi na mbili.

Jambo dogo la mwisho tulilolirekebisha usiku ule lilikuwa jina. Kwenye Coursera alikuwa ameandika majina mawili, huku cheti chake cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA vikiwa na matatu. Kwa kamati yenye haraka, huyo ni mtu mwingine. Kubadilisha jina baada ya cheti kutoka ni usumbufu wa kuandikiana na huduma kwa wateja, kwa hiyo alianza mawasiliano palepale.

Maombi ya serikali aliyatuma na vyeti vyake vya taaluma peke yake. Ya Kasulu aliambatanisha cheti cha Excel, linki yake ikiwa imechapwa kwenye wasifu, pamoja na faili la jedwali alilolitengeneza mwenyewe la mauzo ya mawese ya mama yake kwa miezi sita. BSAFE aliimaliza wiki iliyofuata. Jukwaa la Diploma aliliandikia barua pepe kuomba namba ya Ofqual na kurudishiwa fedha zake. Walijibu siku ya tatu, wakamshukuru kwa kuwachagua, wakampa punguzo la asilimia 40 kwa Diploma ya pili.